Angalia kidole, achana na deshi

Wiki iliyopita niliandika rambirambi kwenye grupu la tuliosoma pamoja. Mwenzetu kafiwa na mama. Nilikaa na ile meseji karibu nusu saa, naandika, nafuta, naandika tena, kwa sababu yule mama nilimfahamu na sikutaka kutupa "pole sana" kavu nikaendelea na mambo yangu. Nikatuma. Hazikupita dakika mbili, mmoja wa wale wasiokosekana kwenye grupu lolote akajibu: "Mkuu hii si mashine imekuandikia 😂😂 cheki hiyo deshi".

Msiba huo. Mtu anacheka hadi machozi kwa ajili ya kistari.

Sasa bwana mpelelezi, hebu tuzungumzie hicho kistari. Kwenye iPhone, tangu toleo la iOS 11 la mwaka 2017, ukigonga vistari viwili vifupi `--` simu yenyewe inaviunganisha kuwa kimoja kirefu `—`. Inapinda na alama za kunukuu pia, bila kukuuliza. Programu za kuandikia barua kwenye kompyuta zilikuwa zikifanya hivyo miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo deshi ndefu inakuambia kwamba kati ya kidole na kioo palikuwa na programu fulani. Basi. Haikuambii kama kidole kilikuwepo au hakikuwepo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba maandishi ya akili mnemba yanapenda hiyo alama kuliko kawaida. Na mtu ambaye miaka kumi hajawahi kuniwekea hata mkato, akinitumia meseji moja yenye deshi tatu na nuktamkato, mimi pia nitakunja uso. Lakini angalia kilichonikunja uso ni nini. Ni ile miaka kumi. Deshi ni kisingizio tu.

Zamani za telegrafu, waliokuwa wakisikiliza mawimbi vitani walikuwa wakimtambua mpiga simu wa upande wa adui bila kujua jina lake wala kuifungua siri ya ujumbe wake. Nukta na mistari ya Morse ni ileile kwa kila mtu, ila huyu anachelewa kidogo hapa, yule anaharakisha pale. Waingereza waliita jambo hilo ngumi ya mtu. Akibadilishwa mpigaji, msikilizaji anajua. Kwenye simu zetu ngumi ipo vilevile, na kwa tunaochati kwa Kiswahili imejificha zaidi kwenye vifupisho.

Watu wanadhani vifupisho ni uvivu. Kuna vifupisho vya aina mbili, na ukizitofautisha umeshafika mbali. Aina ya kwanza ni ya kubana matumizi. Meseji ya kawaida ya simu ilikuwa na herufi 160, na ukitia emoji moja tu nafasi inashuka hadi 70, kwa sababu mtambo unalazimika kubadili namna ya kuziandika herufi zote za ujumbe huo. Kwenye mazingira hayo "sijui" ikawa "cjui", "watu" wakawa "wa2", "kitu" kikawa "ki2", na "Jumapili" ikawa "J2". Kila kimoja kinaokoa kitu.

Lakini "xaxa"? Hesabu. "Sasa" ina herufi nne, "xaxa" ina herufi nne. Hujaokoa chochote! Hiyo ni aina ya pili, ya mbwembwe, sawa na kuvaa kofia upande. Na kofia mtu haivai kila mahali. Anayeandika "xaxa" ataandika "xana" na "xawa", ila sijawahi kumwona akiandika "xerikali". Hakuna aliyemfundisha mpaka uko wapi, vidole vyake vinaujua tu.

Hapo ndipo mashine inapochemsha. Wiki hizi kuna meseji zinanifikia kutoka namba nisizozijua, na mojawapo ilianza hivi: "Mambo vp xaxa! Ningependa kukujulisha kwamba fursa hii ni ya mda mfupi 2." Isome tena. Mtu ambaye hana subira ya kuandika "vipi" ameipata wapi subira ya "ningependa kukujulisha kwamba"? Anayefupisha kweli anafupisha na kitenzi, maana anaandika anavyoongea: "nshafika", "ntakuja", "ushalala?", "nlikua njiani". Vifupisho vya kubandika vinakaa juu ya sarufi ya ofisini kama pambo la keki. Ukivifuta, chini yake unakuta barua rasmi iliyonyooka, haina hata doa. (Najua, yupo tapeli wa nyama na damu anayeandika hivyohivyo kwa sababu anataka kuonekana mwenye heshima na kijana kwa wakati mmoja. Huyo naye usimpe pesa.)

Nikuonyeshe kisa kimoja kwa karibu. Nina rafiki ambaye kwa miaka kadhaa meseji zake ni za aina hii: "xawa kk ntakuja j2 ,uckonde 🙏🏾". Tazama ule mkato. Nafasi kaiweka kabla yake, baada yake hakuna. Wengi wanafanya hivyo na hawajui kama wanafanya, ndiyo maana ni ushahidi mtamu. Tazama na mikono: ya kahawia. Rangi za ngozi ziliingia kwenye emoji mwaka 2015. Unabonyeza mkono kwa sekunde moja, unachagua rangi, kisha kibodi inakukumbukia. Kuanzia hapo kila ukigusa ile mikono inakuja na rangi yako.

Jumapili moja alikuwa anisaidie kuhama. Hakutokea, na simu hakupokea. Kesho yake asubuhi ikaingia hii:

"Habari ya asubuhi, kaka yangu. Ningependa kukuomba radhi kwa dhati kwa kutofika siku ya Jumapili. Natambua kwamba kutokuwepo kwangu kulikuathiri, na ninathamini uvumilivu wako. Urafiki wetu ni **muhimu sana** kwangu. 🙏"

Niliisoma nikahisi nimeandikiwa na benki. J2 imekuwa "siku ya Jumapili". Mikato yote imekaa mahali pake. Mikono imerudi kuwa ya njano, rangi inayotoka pale ambapo hakuna aliyechagua rangi. Halafu vinyota. WhatsApp inakoleza neno kwa kinyota kimoja kila upande. Viwili viwili ni vya Markdown, mtindo ambao mashine hizi hutumia kupambia maandishi yao, na ukinakili ukabandika vinabaki vimening'inia kama lebo ya bei kwenye nguo. Rafiki yangu huyu hajawahi kukoleza neno maishani mwake. Akitaka kusisitiza anarudia: "xn xn xn".

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kingetosha peke yake. Mikono ya njano inaweza kumaanisha amebadili simu, kibodi mpya haijamjua. Mikato iliyonyooka inaweza kuwa amesema kwa sauti na simu ikaandika. Vinne kwa pamoja, asubuhi moja, kwa mtu ninayemjua vidole vyake, hiyo ni habari nyingine.

Nikamjibu "xawa kk". Kimya. Kama dakika tano hivi, ikaja: "kk nlikua najickia vby cjui ata nianzie wap ,dogo ndo kanisaidia kuandka ile". Mkato uleule, nafasi ileile ya kabla. Hasira yangu yote ikaishia hapo. Alikuwa ameona aibu, akaenda kuazima maneno makubwa, wakati haya madogo alikuwa nayo mfukoni.

Makosa nayo yana mwandiko wake. Kidole kinateleza kwenda kwa jirani: "nipi" badala ya "nipo" kwa sababu I na O zimekaa pamoja. Kisahihishi cha simu kilichozoea Kiingereza kinageuza "wewe" kuwa "were" na mwandishi anaiacha hivyohivyo, kachoka kugombana nacho. Meseji yenye makovu ya aina hiyo mimi naiamini haraka, ingawa mwenye nia anaweza kuyachora makovu pia.

Na hilo ndilo linaloniudhi kwa wapelelezi wetu wa grupu. Mtu akiipa mashine meseji zako za zamani, itaiga "xaxa" yako, mkato wako, hata mikono yako ya kahawia. Orodha ya alama za kukamatia mashine inachakaa kila msimu. Wanaobaki wakinaswa na orodha hiyo ni mwalimu mstaafu anayeweka nukta kila mwisho wa sentensi tangu enzi za chaki, shangazi anayesema badala ya kuandika, binti aliyelelewa kuandika "tafadhali" kwa herufi zote, na mimi na rambirambi zangu. Tunaambiwa tuthibitishe utu wetu kwa kuandika vibaya. Nikijua kuandika mkato mahali pake nimekosa nini?

Yule ndugu wa 😂😂 sikumjibu. Nilipanda juu kwenye grupu nikaangalia salamu zake za siku ya kuzaliwa alizomtumia mwenzetu mwezi jana: mistari mitano, kila mmoja umeanza na emoji yake, 🎉 kisha ✨ kisha 🎂, zimepangika kama askari kwenye gwaride. Yeye ambaye kwa kawaida emoji zake ni tatu tatu za aina moja, mwisho wa sentensi. Nikaacha. Mwenye siku yake alifurahi, na furaha yake haikunihusu.

Jioni mfiwa aliniandikia pembeni, nje ya grupu. "asanye xn kk ,mama alkua anakuuliziaga".

T na Y ni jirani. Nilishindwa cha kuandika kwa muda. Mwishowe nikaandika "pole sana ndugu yangu", nikagonga nafasi mara mbili kama nilivyozoea, na simu ikaweka nukta.