Grafu ya mvua ya Mbeya isisomwe kuanzia Januari

Katika mikutano ya wakulima na vipindi vya redio hapa Mbeya, takwimu za mvua husomwa kwa namna ileile: msemaji huanza na Januari, hutaja milimita za kila mwezi mpaka Desemba, kisha huhamia jambo jingine. Mkulima asiyeona, pamoja na yule anayesikiliza redio huku akipalilia, huachiwa namba 12 ambazo zinaanza kusahaulika kabla hazijaisha. Hata hivyo, kusahau si tatizo kubwa kuliko yote. Naamini mpangilio huo wenyewe humpotosha msikilizaji.

Chukua wastani wa mvua za Mbeya mjini. Januari hupata takriban milimita 200, Februari na Machi takriban 165 kila mmoja, Aprili 110, Mei chini ya 20. Juni hadi Septemba ni karibu sifuri, Oktoba 15, Novemba 55 na Desemba karibu 140. Anayeitazama karatasi yenye grafu ya namba hizo huona nguzo ndefu kushoto na nyingine kulia, na kwa kuwa macho yake huona ncha zote mbili kwa pamoja, hung'amua upesi kwamba Desemba inaungana na Januari. Anayesikia hana nafasi hiyo. Sikioni mwake mvua huanza juu, hushuka, hupotea, kisha hupanda tena, na ni rahisi aelewe kwamba Mbeya ina misimu miwili ya mvua kama mikoa ya pwani na kaskazini yenye vuli na masika. Ukweli ni kwamba nyanda zetu za juu kusini zina msimu mmoja tu, unaoanza kwa kawaida Novemba na kuisha Aprili, nao umekatwa katikati na kalenda.

Kwa hiyo, msemaji na aanze na Julai. Ningependa maelezo yawe hivi: "Hii ni grafu ya nguzo, nguzo moja kwa kila mwezi, inayoonesha wastani wa mvua za Mbeya kwa milimita. Kwenye karatasi inaanza na Januari, lakini mimi nitaanza na Julai ili msimu usikatike. Kwa ujumla kuna kilele kimoja: mvua inapanda polepole mwanzoni, inakolea Novemba na Desemba, inafika juu kabisa Januari, inabaki juu hadi Machi, kisha baada ya Aprili inakatika kwa ghafla. Julai ni karibu sifuri, Novemba takriban 55, Januari takriban 200, na Mei ni chini ya 20."

Maelezo hayo yana namba nne tu, na umbo limetangulia kutajwa ili kila namba inapofika ipate mahali pa kukaa. Kutaja kwamba karatasi inaanza na Januari ni lazima, kwa sababu ukumbini huwa kuna wanaoiona, nao watadhani msemaji amepotea.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni kasi. Neno "inapungua" linafaa kwa Januari kwenda Februari na pia kwa Aprili kwenda Mei, ilhali mabadiliko hayo mawili hayafanani hata kidogo. Kutoa tofauti kwa milimita hakusaidii sana, maana msikilizaji atalazimika kufanya hesabu kichwani huku msemaji akiendelea. Ni afadhali kusema kwamba Mei haipati hata sehemu moja ya tano ya mvua ya Aprili. Vilevile, Januari peke yake hupata takriban mara mbili ya miezi yote saba kuanzia Mei hadi Novemba ikijumlishwa pamoja. Sentensi hiyo moja humpa asiyeona picha bora ya urefu wa nguzo ya Januari kuliko orodha nzima.

Ili kujua kama maelezo yameeleweka, usiulize "Mmeelewa?", kwa kuwa watu wataitikia tu. Mwombe msikilizaji mmoja achore umbo hilo mezani kwa kidole, kutoka kushoto kwenda kulia. Akichora vilima viwili, rudia ukianza na Julai. Akichora kilima kimoja chenye pande zinazolingana, basi hukueleza vya kutosha jinsi mvua inavyokatika baada ya Aprili.

Sababu za mvua kupanda au kushuka zisichanganywe na maelezo ya umbo, kwani msikilizaji hatajua kipi kimo kwenye grafu na kipi ni maoni ya msemaji. Neno "wastani" nalo lisirukwe. Grafu hii haisemi mvua za mwaka huu zitaanza lini, na mkulima anayesikia "Novemba milimita 55" bila neno hilo anaweza kupanda mahindi yake kwa kutegemea ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.