Jumla Kulingana Si Ushahidi

Ripoti ya mwaka ikirudi kutoka kwa msanifu wa kurasa, mtu wa kwanza kuipokea huchukua kikokotoo, hujumlisha safu, huona jumla imelingana, kisha hupiga tiki. Katika ofisi nyingi za Nairobi kazi ya kuhakiki tarakimu huishia hapo. Kwa maoni yangu hapo ndipo inapaswa kuanza, kwa sababu jumla inayolingana inathibitisha jambo moja tu: kwamba safu inakubaliana na yenyewe. Haisemi lolote kuhusu leja.

Chukua jedwali dogo la gharama, lililoandikwa kwa maelfu ya shilingi. Mishahara 48,630. Kodi ya pango 12,450. Umeme na maji 3,718. Usafiri 5,904. Chini yake pameandikwa jumla 70,432. Ukijumlisha mwenyewe unapata 70,702, yaani kuna tofauti ya 270.

Usikimbilie kusoma kila mstari upya. Gawanya tofauti hiyo kwa tisa kwanza. 270 kwa 9 ni 30 kamili, bila baki, na hiyo ni dalili kwamba huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Sababu yake ni hesabu ya shule ya msingi. Ukiandika 63 mahali pa 36, sita imepanda kutoka mamoja hadi makumi na tatu imeshuka, kwa hiyo tofauti ni mara tisa ya pengo kati ya tarakimu hizo mbili: 6 toa 3 ni 3, mara 9 ni 27. Hali ni hiyo hiyo kwa tarakimu zozote mbili zinazopakana.

Jibu la 30 lina mambo mawili ndani yake. Tatu inakuambia tarakimu zenyewe zinapishana kwa 3. Sifuri moja inakuambia kosa liko nafasi moja kushoto ya mamoja, yaani kati ya makumi na mamia. Sasa pitia jedwali ukitafuta mahali ambapo tarakimu ya mamia na ya makumi zinapishana kwa 3. Kodi ina 4 na 5, hapana. Umeme una 7 na 1, hapana. Usafiri una 9 na 0, hapana. Jumla yenyewe ina 4 na 3, hapana. Mishahara ina 6 na 3. Na kwa kuwa jumla uliyopata ni kubwa kuliko iliyochapishwa, tarakimu kubwa ndiyo iliyotangulia kimakosa. Kazi inayobaki ni kufungua leja na kuthibitisha kwamba ni 48,360.

Kufungua leja si hiari, kwa sababu kipimo cha tisa kinaelekeza tu, hakihukumu. Kati ya kila namba tisa mfululizo, moja hugawanyika kwa tisa hata kama hakuna tarakimu iliyobadilishana. Tena 270 hiyo hiyo ingeweza kutokana na sifuri iliyozidi, pale 30 ilipoandikwa 300. Au ingekuwa ni mara mbili ya 135: mabano ya hasi yamepotea, kiasi cha kutolewa kikajumlishwa, na tofauti ikawa maradufu. Ndiyo maana mhakiki mzoefu hufanya vitu vitatu kwa tofauti yoyote: huitafuta kama ilivyo, akishuku mstari ulioachwa, huigawa kwa mbili, kisha huigawa kwa tisa.

Sasa fikiria hali mbaya zaidi. Mtu ameingiza 48,630 kwenye lahajedwali, na jumla ikakokotolewa na fomula. Itatoka 70,702, safu italingana kikamilifu, na kipimo cha tisa hakitakuwa na tofauti ya kugawa. Kosa hili hukamatwa kwa njia moja tu: kulinganisha kila namba na ilikotoka, kisha na kila mahali pengine inapotajwa. Mishahara huonekana kwenye taarifa ya mapato, kwenye dokezo lake nyuma ya ripoti, na mara nyingi kwenye maelezo ya mwenyekiti. Mahali pote patatu lazima paseme kitu kimoja.

Ulinganishaji huo ufanywe na watu wawili, mmoja akisoma kutoka leja na mwingine akifuata kwenye karatasi kwa kalamu. Msomaji asisome namba kama tunavyozitamka mtaani. "Elfu mia tatu na tano" ni 300,005 kwa mmoja na 305,000 kwa mwingine, na wote wawili wana haki. Wanaosoma kwa Kiingereza nao hawajaokoka, kwani kumi na tatu na thelathini hukaribiana sana masikioni. Isomwe tarakimu moja moja, na alama zake: nne, nane, koma, tatu, sita, sifuri. Penye mabano, useme "mabano". Ni polepole, lakini kurasa tano za taarifa kuu za fedha zinastahili saa hiyo.

Kwenye lahajedwali kuna mtego mwingine. Namba iliyobandikwa kutoka barua pepe au PDF inaweza kuingia kama maandishi. Kwa macho ni namba, lakini `SUM` huiruka kimyakimya inapojumlisha safu. Mara nyingi utaiona imeegemea kushoto wakati wenzake wameegemea kulia, ila msanifu akishapanga safu dalili hiyo hupotea. Afadhali kuiuliza Excel moja kwa moja:

```
=ISNUMBER(B7)
=MOD(ABS(B12-B13),9)
```

Ya kwanza ikijibu `FALSE`, kiini hicho hakijajumlishwa. Ya pili ikitoa 0 ilhali jumla mbili zilizo B12 na B13 hazilingani, shuku tarakimu zilizobadilishana.

Vizio navyo huumiza kuliko tarakimu, kwa kuwa kosa lake ni la mara elfu. Kiwango cha uhasibu cha IAS 1, fungu la 51, kinataka ripoti ionyeshe sarafu inayotumika na kiwango cha kukadiria, kama ni maelfu au mamilioni. Kichwa cha safu kinasema Sh'000, chini yake 2,386,415. Hiyo ni Sh2.4 bilioni. Mwandishi wa maelezo asiyetazama kichwa ataandika Sh2.4 milioni, na hakuna kikokotoo kitakachomkosoa, kwani sentensi haijumlishwi. Kwa hiyo kila kiasi kilichomo ndani ya sentensi kizungushiwe duara, kiandikwe kwa urefu pembeni, 2,386,415,000, ndipo kilinganishwe.

Kampuni yenye matawi Kampala na Dar es Salaam isitumie "Sh" peke yake popote. Nchi zote tatu zina shilingi, na moja ya Kenya hununua zaidi ya ishirini za Uganda. KES, UGX na TZS, zikiandikwa kabla ya kiasi katika kila safu, humaliza utata. Safu mbili zikikaa sambamba, gawanya UGX kwa KES mstari kwa mstari. Mali na madeni hubadilishwa kwa kiwango cha siku ya kufunga hesabu, hivyo jibu linapaswa kukaribiana kuanzia juu hadi chini. Mstari unaojitenga ndio wa kuchunguza.

Ripoti za wafadhili wengi wa bara la Ulaya huja na nukta mahali petu pa koma: 1.250 kwao yaweza kuwa elfu moja mia mbili na hamsini. Tafuta nukta yoyote inayofuatwa na tarakimu tatu kamili na uulize kabla ya kurekebisha, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha nacho huandikwa hivyo hivyo.

Haya yote yarudiwe kwenye nakala ya mwisho kabisa, ile inayokwenda matbaa. Mabano hupotea pale safu inapobanwa ili itoshee ukurasa, na hupotea baada ya mhasibu kuwa ameshatia sahihi.