Ukabaila: stori ya ng'ombe imelifunika jembe

"Hivi ukabaila ni nini hasa, na mbona wanahistoria wenyewe hawakubaliani kama uliwahi kuwepo?"

Tuliosoma sekondari Tanzania tulikaririshwa ngazi: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, kisha unaandika mifano, nyarubanja kwa Wahaya, ubugabire kwa Waha, umwinyi pwani, unapata maksi zako unasepa. Shida ni kwamba ndani ya hiyo lebo moja kuna maana mbili tofauti kabisa na watu wakibishana mara nyingi kila mmoja ameshika ya kwake.

Ya kwanza ni ya wanasheria wa Ulaya. Hii inahusu wakubwa kwa wakubwa: bwana anampa askari wake wa farasi ardhi, huyo askari anapiga magoti, anaweka mikono yake ndani ya mikono ya bwana, anaapa kumtumikia vitani, na yeye naye ana watu chini yake hivyohivyo mpaka juu kwa mfalme. Ya pili ni ya kina Marx, na hii inahusu mkubwa na mkulima: mkulima ana jembe lake na shamba analolima, lakini mwenye nguvu anachukua sehemu ya mavuno au siku zake za kazi, na anazichukua kwa mabavu na mamlaka, siyo kwa kumlipa mshahara. Unaona wenyewe, ya kwanza mkulima hata hayumo.

Sasa ile ya kwanza ndo iliyopigwa sana. Mwaka 1974 Elizabeth Brown, Mmarekani, aliandika makala akisema jamani tuiache hii lebo, imetutawala mpaka tunalazimisha ushahidi uingie kwenye boksi lake. Miaka 20 baadaye, 1994, Susan Reynolds wa Uingereza akaja na kitabu kizima akionyesha kuwa ule mpangilio safi wa ardhi na kiapo ulinyooshwa na wanasheria waliokuja baadaye, kuanzia karne ya 12, na kwamba ukirudi kwenye hati za kabla ya hapo unakuta vurugu tu, ardhi zimeshikwa kwa namna chungu nzima.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Hugh wa Lusignan, magharibi mwa Ufaransa, miaka ya 1020. Kuna hati imebaki ya malalamiko yake dhidi ya bwana wake, William wa Aquitaine, na ukiisoma ni kama mtu anamsimulia wakili, aliniahidi mke akanizuia nisioe, aliniahidi ngome hakunipa, nikaenda kulalamika akaniambia wewe ni mtu wangu, hata nikikuamuru umfanye mkulima kuwa bwana wako unatakiwa utii. Mwisho Hugh anachoka, anaingia vitani na huyohuyo bwana, wanapigana, halafu wanakaa chini wanapatana na Hugh anapewa sehemu ya alichokuwa anadai. Hapo sheria ya ukabaila iko wapi? Kuna ahadi, kuna vitisho, kuna ngome, na kila mtu anavuta kamba kadiri ya nguvu zake.

Wanaoitetea lebo nao wana hoja na siyo ndogo. Marc Bloch, Mfaransa aliyeandika Reynolds akiwa bado mtoto, hakuwa na habari ya mchoro wa ngazi tu, aliangalia jamii nzima: dola imelegea, mfalme hawezi kukulinda, kwa hiyo unajisalimisha kwa mwenye ngome wa karibu na wewe, na wakulima ndo wanabeba mzigo wote. Kwa Bloch hati ya Hugh haivunji kitu, yaani huo ndo ukabaila wenyewe. Na ukisema lebo itupwe kwa sababu watu wa wakati ule hawakujiita hivyo, itabidi utupe na "ubepari" na "ukoloni" vilevile, tutabaki kusimulia kijiji kimojakimoja bila kulinganisha chochote.

Hapo mimi nilikuwa upande wa Bloch mpaka nilipoifuata lebo ilikosafiri, na imesafiri mbali, mpaka Rwanda.

Wazungu walipofika Rwanda waliona ubuhake. Mtu anaenda kwa mwenye mifugo kuomba ulinzi, anaitwa umugaragu, na bwana wake anaitwa shebuja. Anapewa ng'ombe wa kutunza, anakunywa maziwa, ndama anaweza kubaki nao, lakini wakikosana shebuja anaweza kuwachukua tena wote. Yeye naye anatengeneza uzio wa boma la bwana, anamsindikiza safarini, anakesha usiku kulinda. Basi wakasema tumeupata ukabaila wa Afrika, ng'ombe badala ya ardhi! Jacques Maquet, Mbelgiji, mwaka 1954 aliujenga utawala wote wa Rwanda juu ya uhusiano huo, kwamba Mtutsi ana ng'ombe, Mhutu anamtaka, na hapo ndo jamii nzima inashikana.

Watafiti waliokuja baadaye, kina Claudine Vidal na Catharine Newbury, wakaenda kuuliza wazee huko vilimani badala ya kusikiliza stori za watu wa ikulu. Kumbe walioingia ubuhake walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa, na Watutsi wengi nao walikuwa wagaragu wa Watutsi wenzao. Kilichowauma Wahutu zaidi kilikuwa kitu kingine, uburetwa: kwa sababu unalima kwenye kilima cha chifu wa ardhi, unaenda kumfanyia kazi siku kadhaa za kila wiki, na hapo hakuna ng'ombe, hakuna maziwa, hakuna ulinzi. Huu ulishika kasi zama za mfalme Rwabugiri, aliyekufa 1895, na uliwaangukia Wahutu, Watutsi hawakuufanya. Wabelgiji wakaja kuutumia na kuueneza. Ubuhake ukafutwa 1954 kwa sherehe za kisiasa, huku mkulima anajua mgongo wake uliumizwa na nini.

Ndo maana naona ile maana ya kwanza imefanya madhara kabisa huku kwetu. Iliwafanya wasomi watafute mkataba kati ya mtu na bwana, wakauona wa ng'ombe, wakaridhika, jembe wakalipita. Maana ya pili ingewapeleka moja kwa moja kwenye uburetwa, kwa hilo naipa alama.

Ila nayo hainishawishi yote. Kabaila wa Bloch anachipuka pale mfalme anapodhoofika, ngome ni yake, mtoto wake atairithi. Rwanda ni kinyume kabisa: uburetwa unapanda wakati mfalme anazidi kuwa na nguvu, chifu wa ardhi anawekwa na ikulu, na Rwabugiri akimchukia anamnyang'anya kilima kesho yake asubuhi. Yule ni karibu na ofisa wa serikali anayekusanya jasho kuliko mwenye ngome wa Ufaransa. Wakulima wanakamuliwa kote kuwili, sawa, lakini waliokamuliwa na mtu aliyejitenga na dola na waliokamuliwa na dola yenyewe ikijijenga hawakuwa na adui mmoja wala njia moja ya kukwepa, Mhutu wa Rwabugiri hakuwa na bwana mwingine jirani wa kukimbilia akajisalimishe kwake ndani ya himaya ileile bila mkono wa ikulu kumfikia. Kwa hiyo mtu akiniambia "Rwanda kulikuwa na ukabaila", swali langu linakuwa moja tu: unaongelea ng'ombe au unaongelea zile siku za kazi, na nani alimtuma yule aliyekuja kuzidai?