Benchi ikikwama, usimwage jasho kabla hujahesabu upya

Mpwa wangu alinijia baada ya Isha, uso umemkunjamana. Sisi tunafanya mazoezi katika jimu ndogo hapa Malindi, paa la mabati, na hata usiku joto la mchana bado limo ndani. Alikuwa amelazwa na kilo 82.5 kwenye benchi. Wiki hiyo alitakiwa kuzisukuma mara tatu au zaidi, akasukuma mara mbili, ya tatu ikamkalia kifuani mpaka tukamnyanyulia.

"Mjomba," akaniambia, "huu mpango wako umenishinda. Nataka niongeze siku za benchi."

Mpango wenyewe ni ule unaojulikana kwa jina la 5/3/1. Hesabu zake hazifuati uzito mkubwa kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja. Zinafuata asilimia 90 ya uzito huo, na hiyo ndiyo mimi huiita kilele cha mazoezi. Kila wiki una seti tatu kuu. Wiki ya kwanza ni asilimia 65, 75 na 85 ya kilele hicho, mara tano tano. Wiki ya pili ni 70, 80 na 90, mara tatu tatu. Ya tatu ni 75 mara tano, 85 mara tatu, kisha 95 mara moja. Seti ya mwisho katika wiki hizo tatu huwa wazi: ukifikisha idadi iliyowekwa na bado una nguvu, unaendelea, lakini unaacha kabla chuma hakijakushinda. Wiki ya nne ni ya kupumzisha mwili: asilimia 40, 50 na 60, mara tano, basi. Wiki hizo nne ndizo wimbi moja. Wimbi likiisha, kilele cha benchi kinapanda kilo 2.5 na cha skwoti kilo 5, halafu unaanza tena.

Nikamwomba daftari lake. Hapo ndipo ninapotaka watu watazame, kwa sababu wengi hutazama siku waliyoshindwa tu, wakati chanzo kiko kurasa kadhaa nyuma. Alianza na kilele cha kilo 90, maana aliamini anaweza kusukuma 100. Wimbi la kwanza, seti zake za wazi zilikuwa hivi: kilo 77.5 mara tano, kilo 80 mara tatu, kilo 85 mara moja. Yaani alifikisha kile kiwango cha chini kabisa wiki zote tatu, bila hata mara moja ya ziada. Yeye alisoma hapo kwamba amefaulu. Mimi nilisoma kwamba kilele kilikuwa juu mno tangu siku ya kwanza. Kilele kikiwa sawa, wiki ya kwanza inakuachia mara nane au zaidi, na hata ile ya asilimia 95 unaipiga mara nne au tano.

Nikamuuliza hiyo kilo 100 aliisukuma lini. Akasema kabla ya Ramadhani, rafiki yake akiwa nyuma ya kichwa. "Alikushikia chuma?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema alikigusa tu. Kugusa huko kunaweza kuwa kilo kumi. Mara ambayo mkono wa mtu mwingine umeingia haihesabiwi, na hili sitalilegeza kwa mtu yeyote.

Basi tukahesabu upya kwa kile alichokifanya mwenyewe. Kanuni ya kukadiria uzito mkubwa unaoweza kuunyanyua mara moja ni hii: `uzito × mara × 0.0333 + uzito`. Kilo 82.5 mara mbili inatoa takriban kilo 88. Hiyo ndiyo nguvu yake ya siku ile. Asilimia 90 ya 88 ni kilo 79 na kidogo, na kilele kikiangukia kati ya hatua mbili za visahani mimi hushuka, kwa hiyo tukaandika 77.5. (Jimu nyingi hazina visahani vya kilo 1.25. Vyetu tulikatiwa na fundi wa kuchomea vyuma, tukavipima kwenye mizani ya dukani. Bila hivyo, kila ongezeko linakuwa kilo 5, na kwa benchi hilo ni kubwa mno.)

Wapo wanaorekebisha kwa njia nyingine: ukishindwa, rudi nyuma mawimbi matatu. Ni njia nzuri kwa mtu aliyeanza na namba ya kweli akapanda hadi akafika ukutani. Kwa mpwa wangu isingefaa. Kilele chake kilikuwa kimefika 92.5, na kurudi hatua tatu kungemweka 85, ambayo ni karibu asilimia 97 ya nguvu yake halisi. Angekwama tena wimbi lile lile. Ndiyo maana mimi husimamia hesabu ya seti yenyewe. Namba ya kuanzia ikiwa ya uongo, hatua zote zilizohesabiwa kutoka kwake zinabeba uongo ule ule.

Lakini si kila kukwama ni kosa la kilele. Mtu aliyepata usingizi wa saa tatu tu, au aliyeshinda juani baharini bila maji ya kutosha, atapungukiwa tu. Mimi hutofautisha kwa kutazama nyanyuo zake nyingine za wiki hiyo. Kama skwoti, dedilifti na benchi zote zimeshuka pamoja, mwili umechoka: lala, kula, maliza wimbi, na linalofuata tumia kilele kile kile bila kuongeza. Kama benchi peke yake ndiyo imeanguka, na seti zake za wazi zimekuwa zikisinyaa wiki baada ya wiki, hapo kilele ndicho chenye kosa. Skwoti ya mpwa wangu wiki ile ile ilikuwa na mara tatu za ziada, kwa hiyo jibu lilikuwa wazi. Na katika mwezi wa Ramadhani mimi siongezi kilele cha mtu wala sikishushi. Tunapiga baada ya futari, idadi iliyowekwa tu, seti ya wazi tunaiacha.

Kanuni ile ya kukadiria nguvu nayo ina mpaka. Ukishapita mara kumi hivi, hesabu huanza kukusifia nguvu usiyokuwa nayo, kwa hiyo usijenge kilele juu ya seti ya mara kumi na tano. Wala usikijenge juu ya wiki ya nne. Nimeona vijana wakitumia wiki hiyo kujipima uzito mkubwa kwa sababu vyuma vimekuwa vyepesi, kisha wanaingia wimbi jipya wamechoka na kushangaa kwa nini wiki ya kwanza ni nzito.

Mpwa wangu hakupenda kuona 77.5. Wiki ya kwanza ilimtaka kilo 65, uzito aliokuwa ameshauacha. Akaupiga mara kumi, safi, matako yamekaa benchini. Wiki ya pili kilo 70 mara nane. Wiki ya tatu kilo 72.5 mara saba, ambayo kwa kanuni ile ile inatoa kilo 89, moja zaidi ya siku aliyokwama. Tukaongeza 2.5 kila wimbi. Wimbi la nne kilele kilikuwa 85, na wiki yake ya tatu akasukuma kilo 80 mara tano bila mtu kusimama karibu ya chuma. Hiyo ni kilo 93 na kidogo.

Juzi akanionyesha ukurasa mpya. Ameandika 87.5 kwa kalamu, na pembeni ameacha nafasi tupu ya namba ya seti ya wazi.