Kamisheni ya transfa Zanzibar: ni haki ya hoteli au mzigo wa dereva?

Katika hoteli za Nungwi, Kendwa, Paje na Matemwe, mgeni akiomba gari la uwanja wa ndege risepsheni, sehemu ya nauli hubaki hotelini. Madereva wengi huiona fedha hiyo kama ushuru wa kukaa nyuma ya meza. Wenye hoteli hujibu kuwa bila wao dereva asingempata mgeni. Pande zote mbili zina hoja, ila mara nyingi zinabishania asilimia wakati tatizo lipo kwingine.

Tuanze na kazi ya meza. Ndege za kimataifa zinatumia Terminali ya 3 ya uwanja wa Abeid Amani Karume, na za ndani zina jengo lake. Mgeni anayetoka Ulaya huenda akaunganisha Dar es Salaam na kuingia Zanzibar kwa ndege ndogo, hivyo risepsheni inahitaji namba ya ndege ya mwisho, si ya kwanza. Wageni wa nje hukaguliwa viza na, tangu Oktoba 2024, bima ya lazima ya Zanzibar. Asiyevilipia mapema anaweza kumweka dereva na bango lake saa nzima baada ya ndege kutua. Mtu wa kufuatilia ndege, kumtumia mgeni picha ya dereva na kumtafuta dereva wa akiba saa nane usiku anafanya kazi inayostahili malipo.

Makosa ya hapo huwa ya saa. Mgeni akiandika kwamba anafika "3" na risepsheni ikampigia dereva kumwambia saa tatu, mmoja anafikiria alasiri na mwingine asubuhi. Oda ya dereva iandikwe kwa saa 24, pamoja na tarehe ya kutua. Ndege inayotua 00:40 tarehe 14 ni safari ya usiku wa tarehe 13, na hapo ndipo magari hukosekana au huja siku moja baadaye.

Sasa upande wa dereva. Tuchukue mfano wa hesabu: transfa ya Nungwi inauzwa shilingi 120,000. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 120, na gari aina ya Noah linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 12. Tukikadiria lita kwa shilingi 3,000, mafuta ni 36,000. Gari si lake, hivyo anampelekea mwenye gari hesabu ya 30,000. Hoteli ikichukua asilimia 25, yaani 30,000, dereva anabaki na 24,000, kabla ya maegesho na kuosha gari, kwa kazi inayoweza kumaliza saa tano. Hoteli ikichukua asilimia 10, anabaki na 42,000.

Ukiishia hapo utasema asilimia 25 ni unyonyaji, na kwa safari hiyo ndivyo ilivyo. Lakini tazama gari lilivyokwenda: upande mmoja lilikuwa tupu. Tuseme risepsheni hiyohiyo ina mgeni anayeondoka na ndege ya 16:00. Anatakiwa awe uwanjani 13:00, kwa hiyo atoke Nungwi kama 11:15. Mgeni mpya anatua 13:10 na kutoka nje karibu 14:15. Dereva mmoja anawabeba wote. Nauli sasa ni 240,000, lakini mafuta na hesabu ni vilevile. Hata hoteli ikikata asilimia 25, yaani 60,000, mkononi kwake kinabaki 114,000. Kilichobadilika si asilimia, ni mpangilio wa meza.

Kwa hiyo kiwango kimoja kwa kila safari hakina mantiki. Tungependekeza asilimia 10 kwa safari ya upande mmoja, na 20 pale hoteli inapomwunganishia dereva wageni wawili. Kwa mfano wetu, dereva angebaki na 126,000 na hoteli ingepata 48,000. Kuunganisha kuna mipaka: pengo kati ya wageni hao likizidi saa mbili hivi, dereva anapoteza nafasi ya kazi nyingine, na ndege ya kuwasili ikichelewa sana lazima hoteli imruhusu aondoke na itume mwingine. Hoteli ndogo yenye vyumba vichache haitapata jozi nyingi, labda ishirikiane na jirani.

Kuna jambo linaloumiza kuliko asilimia, nalo ni malipo ya mwisho wa mwezi. Nauli ikiingia kwenye bili ya chumba, hoteli inakuwa na fedha mkononi au kwenye kadi, huku dereva akinunua mafuta kwa mfuko wake siku 30. Dereva wa aina hiyo atajifidia njiani: atasimama kwenye duka la vinyago linalompa chochote, au atampa mgeni namba yake na kumwambia siku ya kuondoka ampigie moja kwa moja. Ndiyo maana kipimo kizuri cha kamisheni kipo kwenye daftari la risepsheni lenyewe. Hesabu wageni waliofika kwa gari la hoteli, kisha tazama wangapi wameondoka nalo. Wengi wakitoweka katikati, ama bei yako imezidi mno ya kijijini, ama dereva hapati chake kwa wakati.

Ziara zina hesabu nyingine. Kosa la kawaida ni kukata asilimia kwenye bei nzima ya safari ya Jozani au Changuu, ilhali ndani yake kuna kiingilio ambacho mwenye ziara anakilipa kama kilivyo. Bei ikiwa 100,000 na kiingilio 30,000, asilimia 20 ya haki ni ya 70,000, yaani 14,000. Ukikata 20,000, unakula pia kwenye fedha ambayo haikuwa faida ya mtu yeyote.

Mnemba ndiko kamisheni inakoweza kuwa hatari. Inapolipwa kwa kichwa, boti hujazwa, na upepo wa kaskazi au kusi ukichafua bahari hakuna mezani anayetaka kusema "kesho". Hoja ya kwamba kamisheni humhamasisha mfanyakazi ni ya kweli, ila hapa humhamasisha vibaya. Dawa yake ni kulipa baada ya safari, kuihifadhi kamisheni ileile safari inapoahirishwa kwa hali ya hewa, na kuweka kikomo cha abiria kulingana na maboya ya kuvaa yaliyopo, si viti. Leseni ya nahodha na bima vikaguliwe kabla ya msimu, nakala zikae risepsheni.

Je, kamisheni imwendee mtu wa zamu? Akiichukua mwenyewe huchangamka, lakini pia humpeleka mgeni kwa anayetoa zaidi, na safari za usiku hazionekani daftarini. Mfuko wa pamoja unaogawanywa kwa siku za kazi unapunguza hilo, ingawa mchapakazi hulalamika kwamba anawabeba wavivu. Bado tunaona mfuko ni bora, mradi kila oda iwe na vocha ya nakala tatu: ya mgeni, ya dereva na ya daftari, zote zikiwa na nauli na makato yaleyale. Hoteli isiyotaka mgeni wala dereva aone namba hizo imekwisha jua kwamba makato yake hayatetewi.