Mita ililia mwanzoni, kwa nini mwisho bado unaonekana wa bahati?

"Kaka, nimeandika hadithi ya taharuki, maneno kama elfu mbili hivi. Dalili niliiweka mapema kabisa lakini kila aliyesoma ananiambia mwisho ni wa kubahatisha. Nimekosea wapi?"

Dada yangu wa Moshi, nimeisoma yote nikiwa kwenye kosta natoka Arusha, nilianza stendi na mpaka Boma Ng'ombe nilikuwa nimemaliza, na nikairudia tena. Niwaeleze na wengine kidogo. Dada mmoja amepanga Pasua, yuko peke yake usiku, anaingia mwanaume anayejidai katumwa na mwenye nyumba, kumbe anatafuta bahasha. Mwanzoni mita ya LUKU inalia, uniti zinaelekea kuisha. Mwishoni jamaa yuko hatua mbili kutoka kwenye bahasha, umeme unazima, dada anakimbia.

Sasa hao wanaosema ni bahati wana haki, na wewe unayesema dalili ilikuwepo una haki pia. Kuna ule ushauri maarufu wa Chekhov, mwandishi wa Urusi, aliuandika kwenye barua mwaka 1889, kwamba usiweke bunduki yenye risasi jukwaani kama hakuna atakayeifyatua. Wewe umeufuata, bunduki imelia. Ila ushauri huo hausemi nani afyatue, na kwako imejifyatua yenyewe sekunde ileile uliyoihitaji. Bahati ikimwingiza mhusika kwenye shida msomaji hana neno, maisha ndivyo yalivyo, lakini bahati hiyohiyo ikimtoa anaona mkono wako wewe mwandishi umepenya dirishani ukazima taa.

Kwa hiyo mita iache palepale, badilisha anayezima. Jagi la umeme la wati 2,000 linakula uniti moja kwa nusu saa. Kama mita inasoma 0.1, taa ya wati 10 peke yake ingewaka masaa 10 hivi, ila ukiwasha jagi ni dakika 3 tu na nyumba nzima giza. Jamaa kaingia, kakaa kwenye kochi, dada anamwambia karibu, ngoja nikuchemshie chai. Nani anamshangaa mwenyeji anayemkaribisha mgeni chai? Anajaza jagi mpaka juu, lita 1.7, na hapa naomba uwe makini sana maana maji hayo yanahitaji kama dakika 5 kuchemka, uniti zinaisha kabla. Akiweka nusu jagi yatachemka mapema, jagi litajizima lenyewe na mpango wote umekufa. Yaani ile picha tu ya mtu anajaza jagi zima kwa ajili ya vikombe viwili inabeba hadithi, na msomaji mkali ataanza kujiuliza hapohapo.

Swali gumu ndo linakuja sasa: wakati anawasha jagi, msomaji awe anakumbuka ile 0.1 au awe ameshaisahau?

Wapo wanaosema akumbuke, tena umkumbushe wazi. Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Truffaut kwenye mahojiano yao ya 1962 habari ya bomu chini ya meza: likilipuka bila mtazamaji kujua umempa sekunde 15 za mshtuko, akijua lipo na watu wanaendelea kupiga stori umempa dakika 15 za taharuki. Kwa hoja hiyo mruhusu dada aitupie mita jicho akiwa anachota maji, halafu kila sentensi ya jamaa inakuwa na saa inayohesabu nyuma yake. Hoja ina nguvu kweli, na ina nguvu zaidi kwa wanaotoa hadithi kwenye grupu la WhatsApp sehemu ya kwanza leo ya pili kesho kutwa, kwa sababu msomaji wako katikati hapo ameshaenda kazini, ameshaamulia ugomvi wa watoto, mita yako hana habari nayo kabisa. Huyo lazima umkumbushe.

Upande wa pili wanasema ficha, ili giza likiingia mtu aruke halafu arudi juu mwenyewe kutafuta. Mimi kwa hadithi ya kusomwa kwa mkao mmoja nasimama huku, ila sio kuficha kwa kuinyima. Maneno elfu mbili mtu anamaliza kwa dakika 10 hivi, kitu alichokisoma dakika ya pili bado kiko kichwani hata kama hakijui, ukikirudia anakuwa mbele yako na chai inapoitwa tu ameshajua. Kisemwe mara moja, kwa namba yake, kisha kifunikwe na jambo linalouma zaidi.

Angalia ulivyoandika wewe: "Alipiga pasi shati la kazini. Mita ikalia. Uniti zilikuwa zinaisha." Umeiweka mwisho wa aya, na mwisho wa aya ndipo jicho linapopumzika, kwa hiyo umeipigia tarumbeta. Jaribu hivi: "Mita ilipolia ikisoma 0.1 akachomoa pasi, shati likabaki na mkono mmoja haujanyooka, akapita gizani mpaka chumbani bila kuwasha taa maana dada yake alisema hela ya LUKU ataituma baadaye, na dada yake huyo tangu msiba wa mama walikuwa hawasemeshani vizuri." Msomaji anaondoka hapo na ule msiba, namba imepita katikati. Tena kuchomoa pasi kumeonyesha anajua vitu vya moto vinakula umeme, na kupita gizani kumeonyesha nyumba hiyo anaijua bila macho, jamaa haijui. Vyote vina sababu yake ya kawaida wakati vinatokea, ndo maana havinuki.

Utajuaje umepima sawa? Wape watu watatu ambao hawajaisoma, usiwaulize kama ni nzuri maana watakwambia nzuri. Waulize walianza kuhisi wapi. Wote wakisema kwenye pasi, imekaa wazi mno, isogeze ndani ya sentensi. Wakisema hawakumbuki mita kabisa, umeizika, ongeza mguso mmoja tu, labda jamaa mwenyewe aone shati lenye mkono uliokunjamana aulize mbona hivi. Unayemtafuta ni yule atakayehisi pale jagi linapojazwa.

Na jambo moja ambalo naona limekuponyoka kabisa. Giza lako linamsaidia dada bila kumdai kitu, hiyo nayo inafanya mwisho uwe mwepesi. Lakini ile sentensi niliyokuandikia tayari imeshampanda yule dada yake wa kutuma LUKU! Taa zimezima, kashaibeba bahasha, anatambaa kuelekea mlango wa uani, jamaa kagonga stuli anatukana gizani, na hapo meseji inaingia, tokeni ya tarakimu 20, kioo cha simu kinawaka mkononi mwake na uso wake wote unaonekana. Kitu kilekile kilichomwokoa kinamfichua, na hakuna atakayesema bahati maana ile hela tuliahidiwa tangu aya ya kwanza. Baada ya hapo nisingeongeza zaidi ya maneno mia na hamsini, na ile meseji ningeiacha na neno moja chini ya zile tarakimu, "Nisamehe", asipate muda wa kulisoma mpaka awe nje ya geti.