Nimepita Mikindani ila gar

"Mume wangu anaendesha kirikuu, anabeba mizigo kati ya Mtwara na Lindi. Jumanne saa 12:40 jioni alinitumia WhatsApp: 'Nimepita mikindani ila gar'. Basi, kimya. Nikaandika 'Gari imefanyaje?', nikapiga mara sita, hapokei. Alipofika nyumbani Lindi akanigombeza kwamba nilitaka kumuua barabarani. Mimi naona yeye ndiye aliyetaka kuniua kwa hofu. Nani kakosea, na siku nyingine nifanyeje?"

Dada, lawama kubwa naiweka kwa shemeji. Simu yako ya kwanza naweza kuitetea kwa taabu. Tano zilizofuata siwezi.

Tuanze ndani ya gari. Saa 12:40 huku kwetu giza linaingia, na kando ya barabara wapo wanaorudi nyumbani kwa miguu na baiskeli zisizo na taa. Tuseme shemeji alikuwa kwenye mwendo wa kijijini, kilomita 50 kwa saa. Hapo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kuandika maneno yale matatu na nusu, hata kwa kidole chepesi, ni zaidi ya sekunde tano, kwa hiyo si chini ya mita 70 alizokwenda akiwa anatazama kioo cha simu. Halafu angalia ulipokatikia: "gar". Mtu haachi neno kwenye herufi ya mwisho kwa kupenda. Kuna kitu kilimfanya anyanyue macho, kidole kikagusa kitufe cha kutuma, simu ikarudi kwenye kiti. Nimeendesha Noah njia ya Masasi kwa miaka kadhaa na, naona aibu kusema, nimetuma za namna hiyo zaidi ya moja. Mara nyingi ujumbe uliokatika hivyo unamaanisha dereva amekumbuka barabara. Anayeupokea hawezi kulijua hilo.

Maana wewe ulichokiona ni "ila". Mswahili akisema amefika mahali halafu akaweka "ila", kinachofuata hakijawahi kuwa habari njema. Kwa hiyo sikubaliani na wanaume wa kijiweni wanaosema mwanamke hana subira. Wanaotetea kupiga simu wana hoja moja nzito: gari likipinduka usiku, msamaria anayesikia simu inaita kwenye nyasi ataipokea, na hapo ndugu watajua. Kwenye barabara yenye vipande virefu kati ya kijiji na kijiji, hoja hiyo si ya kupuuza.

Tatizo ni kwamba inafaa tu ikiwa ajali imeshatokea. Kama haijatokea, simu hiyohiyo inaweza kuileta. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu anakabiliwa na hatari ya ajali karibu mara 4 ya asiyetumia, na kwamba kuongea bila kushika simu hakupunguzi hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Wenye kuweka spika juu ya dashibodi hawapendi kusikia hili. Sababu yake si ngumu. Abiria aliyekaa pembeni akiona lori la korosho linakuja na taa kali, ananyamaza mwenyewe. Wewe uliye Lindi huoni lori, unaendelea kuuliza "sasa gari imefanyaje?", na yeye akili yake iko jikoni kwako. Kisha kuna hesabu ya mara ngapi. Simu ya kwanza dereva anaweza kuiacha iite. Ya tatu anaanza kujiuliza nani kafa. Ya sita ataitafuta hata kama imeanguka chini ya kiti.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, jiulize kitu kimoja: mtu huyu, kama ana shida ninayoifikiria, angekuwa katika hali gani sasa? Kama gari limekufa, maana yake limesimama. Aliyesimama mikono yake iko huru, naye angemalizia sentensi ndani ya dakika chache, tena angekupigia yeye kuomba umtafutie fundi. Dakika 10 bila neno lolote zinaonyesha kuwa huenda bado anakwenda, au yuko mahali pasipo na mtandao.

Tiki za WhatsApp zinasaidia kidogo hapo, ila watu wengi wanazisoma kinyume. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe wako haujaifikia simu yake: hakuna mtandao, bando limeisha au simu imezimika. Kwenye safari hiyo si ajabu, wala si dalili ya ajali. Tiki mbili za kijivu zinasema simu iko hewani na ujumbe haujafunguliwa. Kwa mke wa dereva, hizo ndizo tiki nzuri kuliko zote. Tiki za bluu, ambazo tunazifurahia, ndizo zinazonitia wasiwasi mimi, kwa sababu kama hajasimama, ameacha barabara kukusoma. Ukiona bluu kisha "anaandika…", usiongeze hata neno moja. Kila unachoongeza kinampa kingine cha kujibu.

Je, aliye nyumbani anaweza kubeba lawama kisheria? Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya jimbo la New Jersey, Marekani, ilisikiliza kesi ya wanandoa waliokuwa kwenye pikipiki, wakagongwa na kijana aliyekuwa akiandikiana na msichana huku anaendesha. Kila mmoja wao alipoteza mguu. Wakamshtaki dereva na msichana pia. Mahakama ikasema mtumaji anaweza kuwajibika ikiwa anajua, au ana sababu maalumu ya kujua, kwamba mpokeaji atausoma ujumbe palepale akiwa anaendesha. Msichana aliachiwa kwa sababu haikuthibitika kuwa alijua. Hiyo si sheria ya Tanzania, lakini kipimo chake nakiona cha haki, nacho kinakata pande zote mbili. Hakimlaumu anayetuma salamu bila kujua. Wewe ulijua, maana shemeji mwenyewe alikwambia amepita Mikindani.

Hata hivyo sisemi unyamaze kabisa. Kunyamaza nako kuna ubaya wake: dereva anajua ametuma nusu, anajua una hofu, na hiyo inamkera mpaka anashika simu tena kumalizia. Jibu zuri linamwondolea deni hilo. "Gari imefanyaje?" linaliongeza, kwa sababu kila swali linadai jibu. Mimi ningeandika hivi, mara moja tu:

"Usijibu sasa. Umeishia 'ila gar'. Ukisimama utamalizia, mimi nasubiri."

Angalia mpangilio. Sehemu ya juu ya kioo cha simu huonyesha maneno ya mwanzo tu, kwa hiyo "Usijibu sasa" lazima litangulie. Ukianza na "Baba Zuhura habari za safari samahani kwa usumbufu", atakachokiona ni salamu, na kilicho muhimu kitamlazimu afungue. Kumrudishia neno aliloishia kunamsaidia baadaye, maana mtu akiegesha baada ya saa nzima hakumbuki alifika wapi. Na uutume wote kwa mkupuo mmoja. Kuna mtindo wetu wa kutuma "Usijibu", kisha "sasa", kisha "sawa?", kila kipande na mlio wake, hizo ni kengele tatu kwenye sikio la mtu aliyeshika usukani. Hata huo mmoja utalia, sikatai. Lakini unalia mara moja tu, na hauulizi kitu.

Kuna aina nyingine ya ujumbe ulioachwa njiani ambayo naiogopa kuliko ya "ila gar". Huo wenu ulijionyesha kuwa ni nusu. Upo unaofika ukiwa umekamilika kisarufi, na nusu yake haijulikani kama ipo. Shemeji yangu mimi ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini. Siku moja, akiwa njiani, alimwandikia kijana wa dukani: "Huyo fundi mpe mifuko 10". Fundi alikuwa amesimama kaunta, kijana akapakia saruji, mkokoteni ukaondoka. Sentensi aliyokuwa nayo mwenye duka kichwani iliendelea: "kama amemaliza deni la mwezi uliopita." Alikuwa hajamaliza. Lugha yetu inatukinga na inatuponza kwa wakati mmoja: kukanusha tunakuweka mwanzoni, "usimpe", kwa hiyo ujumbe ukikatika katazo limeshafika. Masharti je? Hayo hukaa popote, na mwenye haraka huyaacha mwisho: kama, mpaka, isipokuwa. Kwa hiyo ukiwa na amri ya pesa au mali kutoka kwa mtu aliye njiani, hata ikiwa na nukta, mwambie: "Nimeona 'mpe mifuko 10'. Sitoi mpaka usimame unithibitishie." Tena hapo unajikinga na wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao nao hupenda mtu asiyeuliza.

Kwa anayetembea sina mengi. Yeye anaweza kusimama palepale. Shida yake ni kwamba hasimami, anavuka barabara na kichwa kimeinama, na bodaboda hazimsubiri. Huyo naye mwambie hivyohivyo: usijibu sasa.

Upande wa shemeji, asijidanganye kwamba ujumbe wa sauti ni dawa. Kushikilia kitufe kwa kidole gumba huku unapishana na lori ni kuandika kwa jina lingine. Kama ana utingo, simu ishikwe na utingo, na wewe uwe na namba ya utingo. Kama yuko peke yake, kabla hajawasha gari Mtwara akutumie mahali alipo kwa muda halisi. WhatsApp inakupa kuchagua dakika 15, saa 1 au saa 8. Achague 8, kwa sababu saa 1 itakatika kabla hajaingia Lindi, kisha wewe utadhani lingine. Nawe ujue kwamba pasipo na mtandao, alama yake kwenye ramani itaganda palepale. Kuganda huko peke yake hakusemi gari limesimama.

Sasa tuirudie Jumanne. Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 100 kidogo, na kutoka Mikindani zilikuwa zimebaki kama 95. Kirikuu yenye mzigo, usiku, tuiweke 50 kwa saa: saa mbili kasoro dakika chache, yaani afike karibu saa 2:35. Saa 12:41 unatuma ule mmoja. Saa 1:00 hakuna kitu, unapiga mara moja, unaacha iite, hurudii. Kama amesimama, atapokea. Akipokea na unasikia injini, sema "simama kwanza" na ukate. Ikifika saa 2:35 kimya, ongeza nusu saa ya kupakua, ya mafuta, ya chai Mnazi Mmoja, pale njia panda kabla ya Lindi. Saa 3:05 piga tena. Asipopokea, wapigie madereva wenzake wanaotumia njia hiyo na watu mnaowajua pale Mnazi Mmoja, uulize kama ameonekana akipita. Wakisema hajaonekana, piga polisi 112, uwaambie aina ya gari, namba zake, na kwamba mara ya mwisho alikuwa ametoka Mikindani saa 12:40.

Ningependa pia kujua gari lilikuwa limefanya nini. Hukusema.